Kimo cha Kifundo na Njia Ndefu Kuliko Zote: Kosa Tulilolifundisha Wenyewe

Jioni moja, baada ya kuwarudishia wanachuo karatasi zao za jaribio, tulibishiwa hodi mlangoni mwa ofisi. Aliyeingia alikuwa mwanachuo mmoja wa kike wa mwaka wa pili, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji darasani. Mkono mmoja alishika karatasi yake. Mkono wa pili alishika kitu ambacho mwanzoni tulidhani ni mchezo wa watoto, yaani vizibo tisa vya soda vilivyotobolewa kwa msumari na kuunganishwa kwa vipande vya uzi. Alitoa shikamoo, akaiweka karatasi mezani, akaonyesha kwa kidole swali la nne.

“Mwalimu,” alisema, “hapa nimeandikiwa kosa. Nimelihesabu jibu langu mara nyingi, nami sioni nilipopotea. Naomba unionyeshe.”

Tulimjibu kwa haraka ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. Tulimwambia kwamba mwongozo wa kusahihisha unasema 5, ilhali yeye ameandika 6. Hakubishana nasi. Alikishika kizibo kimoja kilichoandikwa herufi H, akakiinua juu ya meza na kuviacha vingine vyote vining’inie. Kila kipande cha uzi, alisema, kina urefu wa sentimita 10 toka tundu hadi tundu. Kisha akatuomba tupime toka kizibo alichokishika hadi kile kilichoning’inia chini kabisa, ambacho kiliandikwa I. Rula yetu ya sentimita 30 ililala juu ya uzi ule mara mbili kamili. Ilikuwa sentimita 60, yaani vipande sita.

Mwenye kosa hakuwa yeye. Mwongozo wa kusahihisha tuliuandika sisi, swali tulilitunga sisi, na kanuni iliyozaa jibu la 5 tulikuwa tumeifundisha kwa chokaa ubaoni, tena kwa kujiamini. Wanachuo walio wengi katika darasa lile walikuwa wameandika 5 na kupewa alama zote. Baada ya majuma matatu walitarajiwa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kila mmoja akiwa na kanuni ile katika daftari lake. Makala haya tumeyaandika ili kueleza kosa hilo lilikuwa nini, kwa nini halikuonekana mapema, na jinsi tulivyolifundisha upya somo hilo kabla wanachuo hawajaondoka.

Mti na istilahi zake

Tuanze na maneno, kwa sababu sehemu ya mkanganyiko ilitokana na maneno. Mti tunaouzungumzia ni mpangilio wa habari ambao una kifundo kimoja cha juu kiitwacho mzizi, na kila kifundo huzaa watoto wasiozidi wawili, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Kwa sababu hiyo tutauita mti wa uwili. Wataalamu wa kompyuta huuchora ukiwa umepinduka, mzizi juu na majani chini. Kifundo kisicho na mtoto huitwa jani. Mstari unaounganisha mzazi na mtoto tutauita kiungo. Kifundo chochote pamoja na uzao wake wote ni mti mdogo ndani ya ule mkubwa, na jambo hili ndilo linaloubeba utaratibu wote tutakaoueleza.

Njia kati ya vifundo viwili ni mfuatano wa viungo vya kupita toka kimoja hadi kingine bila kurudia kiungo. Katika mti, njia hiyo ni moja tu. Urefu wa njia huhesabiwa kwa idadi ya viungo vyake. Tukizilinganisha njia za vifundo vyote, viwili viwili, ile iliyo ndefu kuliko zote urefu wake huitwa kipenyo cha mti. Swali letu la nne liliwataka wanachuo watafute kipenyo cha mti ufuatao:

```
          A
         / \
        B   C
       / \
      D   E
     /     \
    F       G
   /         \
  H           I
```

Neno kimo tunalitumia kwa jambo jingine. Kimo cha kifundo ni idadi ya vifundo katika mstari mrefu kuliko yote ya kushuka toka kifundo hicho hadi kwenye jani, kifundo chenyewe kikihesabiwa. Basi jani lina kimo cha 1. Mahali pasipo na mtoto, yaani mahali patupu, pana kimo cha 0. Ikiwa mtoto mmoja ana kimo cha 3 na mwenzake ana kimo cha 1, mzazi wao anakuwa na kimo cha 4, kwa kuwa huchukua kilicho kirefu zaidi na kujiongeza yeye mwenyewe.

Msomaji ataona kwamba kimo tumekihesabu kwa vifundo, ilhali urefu wa njia tumeuhesabu kwa viungo. Hatukufanya hivyo kwa kusahau. Mtoto mwenye kimo cha 3 humpa mzazi wake mkono wa viungo 3 hasa, kwa sababu viungo viwili vimo ndani ya mti wa mtoto, na cha tatu ndicho kinachomuunganisha mtoto na mzazi. Kwa hiyo mzazi akijumlisha vimo vya watoto wake wawili hupata moja kwa moja idadi ya viungo vya njia inayopita kwake, bila kuongeza wala kupunguza kitu.

Kanuni tuliyoifundisha, na sababu ya kutoonekana kosa lake

Kanuni yetu ya awali ilikuwa fupi na yenye kuvutia: chukua kimo cha mtoto wa kushoto wa mzizi, jumlisha na kimo cha mtoto wa kulia wa mzizi, hicho ndicho kipenyo. Tuliieleza kwa hoja iliyosikika kuwa ya busara. Tulisema kwamba njia ndefu kuliko zote lazima itoke jani la chini kabisa upande mmoja, ipande hadi mzizini, na kushuka hadi jani la chini kabisa upande wa pili.

Mfano tuliouchora ubaoni ulikuwa mti wa vifundo saba uliolingana pande zote: mzizi mmoja, watoto wawili, wajukuu wanne. Watoto wa mzizi wana kimo cha 2 kila mmoja, jumla yake ni 4, na kweli toka jani la kushoto hadi jani la kulia kuna viungo 4. Tukachora mti wa vifundo 15, nao ukakubali. Mifano yote tuliyoitoa ilikuwa ya miti iliyonyooka namna hiyo, kwa sababu ndiyo inayochorwa kwa urahisi na kukaa vizuri ubaoni. Katika miti hiyo kanuni yetu haikosei kamwe. Uzuri wa mchoro ulilificha kosa, nasi tuliutunga mti wa jaribio wenye upande mmoja mfupi kwa nia ya kubadilisha sura ya swali tu, tukakokotoa jibu kwa kanuni ile ile bila kuufuata mstari kwa kidole.

Sasa tuufuate. Kwenye mzizi A, mtoto wa kushoto B ana kimo cha 4, na mtoto wa kulia C, ambaye ni jani, ana kimo cha 1. Jumla ni 5, na njia yenyewe ni H, F, D, B, A, C. Lakini tukisimama kwenye B, mtoto wake wa kushoto D ana kimo cha 3, na wa kulia E ana kimo cha 3 vilevile. Jumla ni 6, na njia ni H, F, D, B, E, G, I. Njia hii haigusi mzizi hata kidogo.

Kwa nini kupanda hadi mzizini hakukuwa na faida? Msafiri aliyetoka H anapofika B ana hiari ya kwenda pande mbili. Akiteremka upande wa E atapata viungo 3 zaidi. Akipanda kwa A na kushuka kwa C atapata viungo 2 tu. Mzizi uko juu ya wote, lakini mkono wake mmoja ni mfupi mno kiasi kwamba kupita kwake ni hasara.

Katika somo la marudio tuliutumia mti huu kwa hatua tatu. Kwanza tulioneshea hasara hiyo. Kisha tukaongeza jani moja chini ya C, kimo cha C kikawa 2, na jumla ya A ikawa 6 sawasawa na ya B. Hapo njia ndefu ni zaidi ya moja na kipenyo ni kimoja. Hatimaye tukaongeza jani jingine chini ya lile la kwanza. C akawa na kimo cha 3, A akapata 7, na mzizi ukarudisha nafasi yake. Wanachuo waliona kwa macho yao kwamba mzizi hauna haki ya kuzaliwa nayo katika jambo hili, bali huipata au huikosa kwa kadiri ya mikono yake.

Kila njia ina kilele kimoja

Ilitubidi tutafute sababu ambayo mwanachuo angeweza kuieleza darasani kwake bila kutegemea mfano mmoja. Sababu hiyo tuliipata katika umbo la njia yenyewe. Chora njia yoyote katika mti, halafu uitazame inavyopanda na kushuka. Njia huanza kupanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Ikishaanza kushuka haiwezi kupanda tena, maana kila kifundo kina mzazi mmoja tu, na kupanda tena kungekuwa kurudi kwenye kiungo kilekile ilikoteremkia. Kwa hiyo kila njia ina kifundo kimoja, na kimoja tu, kilicho juu kuliko vingine vya njia hiyo. Hicho tulikiita kilele cha njia.

Baada ya hapo hoja hujengeka yenyewe. Miongoni mwa njia zote ambazo kilele chake ni kifundo fulani, iliyo ndefu kuliko zote ni ile inayoteremka kadiri iwezekanavyo kushoto na kadiri iwezekanavyo kulia. Urefu wake ni kimo cha mtoto wa kushoto kujumlisha kimo cha mtoto wa kulia. Na kwa kuwa kila njia ina kilele mahali fulani, tukikokotoa jumla hiyo kwenye kila kifundo, kisha tukachukua iliyo kubwa kuliko zote, hakuna njia itakayokuwa imetuponyoka. Kosa letu la awali lilikuwa kukiuliza kifundo kimoja tu swali lililopaswa kuulizwa vifundo vyote.

Somo uwanjani

Tuliwatoa wanachuo nje, tukachagua tisa wakasimama kwenye mchanga kwa mpangilio wa mti wetu, na mistari ikachorwa baina yao kwa kijiti. Kila mmoja alipewa kipande cha karatasi na kalamu. Masharti yalikuwa manne. Kwanza, ngoja hadi watoto wako wote wawe wamekutajia namba zao. Pasipo na mtoto hesabu 0. Pili, jumlisha namba hizo mbili na uiandike jumla kwenye karatasi yako bila kumwambia mtu. Tatu, chukua namba iliyo kubwa kati ya zile mbili, ongeza 1, na umtajie mzazi wako. Nne, usimtajie mzazi jambo jingine lolote.

Wa kwanza kusema walikuwa walio chini. H, asiye na mtoto, aliandika 0 na kumtajia F namba 1. F alipokea 1 kushoto na 0 kulia, akaandika 1, akamtajia D namba 2. D aliandika 2 na kumtajia B namba 3. Upande wa pili I, G na E walifanya vivyo hivyo, na E akamtajia B namba 3. B alisubiri hadi akawa na namba zote mbili. Akaandika 6, akamtajia A namba 4. C, akiwa jani, aliandika 0 na kumtajia A namba 1. A akaandika 5, na kimo cha mti mzima kikawa 5 kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 1. Kisha tukawataka wote wainue karatasi zao. Iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ya B, nayo ilisema 6.

Kwa bahati njema B alikuwa kijana asiyependa kukaa na jambo asilolielewa. Aliuliza hivi: “Mwalimu, mimi nina 6 karatasini, tena ni kubwa. Mbona nimekatazwa kumpa mzazi wangu 6, nikaambiwa nimpe 4?”

Swali hilo ndilo kiini cha mada yote. Tulimwambia ashike uzi wa mkono wa kushoto na uzi wa mkono wa kulia, kisha tukamwomba A avute njia ipite kwake. Ili kumfikia A, B ilimlazimu aachie mkono mmoja. Vinginevyo njia ingegawanyika mara tatu pale alipo, na njia iliyogawanyika si njia. Kwa hiyo kuna namba mbili zilizo tofauti kabisa. Jumla ya mikono miwili ni ya B mwenyewe, kwa ajili ya njia ambayo kilele chake ni B. Mkono mmoja ulio mrefu, pamoja na B, ndio pekee unaoweza kuendelezwa na mzazi. La kwanza huandikwa daftarini, la pili hupelekwa juu. Tuligundua kwamba mwanachuo akishindwa kutenganisha mambo haya mawili, hakuna maelezo mengine yatakayomsaidia.

Kutoka uwanjani hadi kwenye kompyuta

Masharti ya uwanjani yanaandikika kwa lugha ya Python karibu neno kwa neno. Kanuni ya ndani, iliyopewa jina la kimo, hujiita yenyewe kwa mtoto wa kushoto na kwa mtoto wa kulia kabla ya kufanya lolote. Huko ndiko kungojea watoto. Daftari ni `kubwa`.

```python
def kipenyo(mzizi):
    kubwa = 0
    def kimo(n):
        nonlocal kubwa
        if n is None:
            return 0
        kush = kimo(n.kushoto)
        kul = kimo(n.kulia)
        kubwa = max(kubwa, kush + kul)
        return 1 + max(kush, kul)
    kimo(mzizi)
    return kubwa
```

Tunapendekeza mkufunzi asiiandike kanuni hii ubaoni kabla ya mchezo wa uwanjani. Sisi tuliwaachia wanachuo wajaribu wenyewe wawili wawili, na makosa waliyoyafanya yakawa na manufaa kuliko maelezo yetu. Tutayataja matatu, pamoja na alama za kuyatambulia.

Kosa la kwanza ni lile ambalo B alitaka kulifanya, yaani kupeleka juu jumla ya mikono miwili. Kundi moja liliandika `return 1 + kush + kul`, na jibu la mti wetu likawa 8. Mti una vifundo tisa na viungo nane tu, hivyo jibu hilo linadai kwamba njia moja imepita kwenye kila kiungo cha mti. Jambo hilo huwezekana pale tu ambapo mti mzima ni mstari mmoja usio na tawi la ziada, na wetu si hivyo. Kanuni ile ilikuwa imeacha kupima kimo na kuanza kuhesabu vifundo. Basi mkufunzi akiona jibu linalolingana na idadi ya viungo vyote katika mti wenye matawi, aitazame kwanza ile `return` ya mwisho.

Kosa la pili ni la daftari lisilofutwa. Kundi jingine liliiweka `kubwa` nje ya kanuni zote. Mti wa kwanza ulitoa 6, ambalo ni jibu sahihi. Walipoujaribu mti wa pili wenye vifundo vitatu, programu ilijibu 6 tena. Namba ya mti uliopita ilikuwa imebaki daftarini, na hakuna jumla ya mti mdogo ambayo ingeweza kuishinda. Kipenyo hakiwezi kuzidi idadi ya vifundo ukitoa 1, kwa hiyo mti wa vifundo vitatu hauwezi kupita 2. Ndiyo sababu katika mfano wetu tumeliweka daftari ndani ya `kipenyo`, lianze na 0 kila mara inapoitwa. Alama hii ya kosa haionekani kama mti wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa hiyo jaribio liwe na mti mkubwa kwanza, mdogo baadaye.

Kosa la tatu halitoi jibu baya, nalo kwa hiyo ni gumu zaidi kulionyesha. Wanachuo wengine waliandika kanuni mbili zilizotengana: moja ya kupima kimo, na nyingine ya kwenda kwenye kila kifundo na kuiita ile ya kwanza upya kwa watoto wake. Majibu yalikuwa sahihi. Tuliwapa mti ulio kama mnyororo, wenye vifundo 500, kila kimoja kikiwa na mtoto mmoja. Kwenye mzizi, kupima kimo cha mtoto hutembelea vifundo 499. Kwenye kifundo cha pili, 498. Na kuendelea hivyo. Jumla ya matembezi ni 124,750. Utaratibu wa uwanjani hukitembelea kila kifundo mara moja, yaani mara 500. Tofauti haitokani na ujanja wowote wa lugha ya kompyuta. Inatokana na hili: kazi ya kupima kimo na kazi ya kuandika jumla hufanyika katika ziara ile ile, kwa kuwa kifundo tayari kina namba mbili mkononi. Uwanjani mtu angekuwa kama mzazi anayewaita wajukuu wote wahesabiwe tena, ilhali watoto wake wamekwisha mletea hesabu.

Mnyororo pia huonyesha mpaka wa kanuni yenyewe. Kila kanuni inapojiita, Python huweka kumbukumbu ya pale ilipoishia, na kwa kawaida hukomesha kazi hiyo ikikaribia miito 1,000 iliyorundikana. Mnyororo wa vifundo 2,000 utatoa kwenye skrini neno `RecursionError`. Mwanachuo asidhani hoja yake imeharibika. Hoja ni nzima, ila namna ya kuiandika haiufai mti mrefu hivyo, na itambidi aiandike kwa orodha anayoisimamia mwenyewe badala ya kanuni kujiita.

Kupima kwa uzi

Turudi kwenye vizibo. Yule mwanachuo hakuwa amekokotoa vimo. Aliunda mti, akaunyanyua kwa H, akasoma jibu kwa rula. Baadaye tulimwuliza alijuaje ashike H. Alisema alianza kwa kushika A, akaona H na I vimening’inia chini kabisa, sawa kwa sawa. Akakishika kimoja cha hivyo viwili na kuuinua mti tena; kilichokuwa chini kabisa safari hiyo kilikuwa upande wa pili wa njia.

Bila kujua, alikuwa ameifikia njia ambayo Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta wa Uholanzi, aliibuni yapata mwaka 1960. Ushike mti popote pale, uuache uning’inie, chukua kifundo kilicho chini kabisa, ushike mti kwa hicho, na umbali hadi kilicho chini kabisa safari ya pili ndio kipenyo. Njia hii inafaa kwa mti wowote, hata usio wa uwili. Kwetu faida yake kubwa ilikuwa ya kusahihishia: inafikia jibu kwa barabara nyingine isiyohusika na vimo vya watoto, hivyo kosa la hesabu za vimo haliwezi kujirudia humo. Tangu siku ile kila mti wa jaribio tunaoutunga tunaupima kwa njia zote mbili kabla ya kuuandika katika mwongozo.

Vipimo vya kutengenezea zana hii si vigumu. Vizibo vitobolewe katikati, kila kimoja kiandikwe herufi, na nyuzi zikatwe zikiwa na urefu zaidi ya sentimita 10 ili kuacha nafasi ya mafundo. Fundo likikazwa vibaya, uzi mmoja ukawa na sentimita 11 na mwingine 9, macho yatadanganywa. Basi ni afadhali kuhesabu nyuzi kuliko kutegemea rula peke yake.

Tulivyolimaliza jambo

Asubuhi iliyofuata tuliingia darasani, tukauchora mti wa swali la nne, na tukasema waziwazi kwamba kanuni tuliyoifundisha ilikuwa na kosa. Palikuwa na ukimya, kisha mmoja akauliza alama zitakuwaje. Waliojibu 5 hatukuwanyang’anya alama, kwani walifuata tulichowafundisha. Aliyejibu 6 tulimrekebishia, na jaribio jingine lenye miti mitatu lilifanyika Ijumaa ile. Safari hii kila mwanachuo alitakiwa aandike, kando ya jibu, jina la kifundo kilicho kilele cha njia aliyoipata. Sharti hilo dogo lilitufaa sana katika kusahihisha, kwa sababu jibu linaweza kuwa sahihi kwa bahati, lakini aliyekitaja kilele kisicho mzizi ameonyesha kwamba alikwenda kukitafuta.

Wanachuo waliondoka kwenda mazoezini wakiwa wamebandika ukurasa mpya juu ya ule wa zamani katika madaftari yao. Mti wa vizibo mwenyewe alituachia. Umetundikwa kwenye msumari kando ya ubao, umeshikwa kwa H.